Mtungi ni wa wawili: shairi la harusi linalotungwa kwa ajili ya masikio

Binamu yangu alinipigia simu Jumapili jioni, wiki saba kabla ya harusi yake. Ukoo mzima unajua kwamba nilisoma Kiswahili chuoni, kwa hiyo kila lenye kuhusu maneno huishia kwangu: matangazo ya msiba, kadi za mchango, sasa shairi. Nilimuuliza swali moja tu. Litachapishwa kwenye ile kadi ya ratiba, au litasomwa?

"Litasomwa, dadangu. MC ametupa dakika tano, baada ya keki, kabla wazee hawajaanza hotuba."

Jibu hilo lilibadilisha kazi yote. Shairi la kadi husomwa kwa macho, na macho yana ruhusa ya kurudi nyuma. Mgeni akikwama kwenye mshororo wa pili, ataurudia, atautazama ule wa kwanza, ataona vina vimepangwa kimoja chini ya kingine kama matofali. Sikio halirudi nyuma. Lililopita limepita, tena limepita katikati ya watoto wanaokimbizana chini ya hema, jenereta inayonguruma na shangazi anayeuliza kama kuna chapati zilizobaki.

Usiku ule ule nilitunga ubeti wa kwanza. Nauweka hapa kama ulivyokuwa:

Leo nyinyi mwaoana, furaha tele moyoni,
Daima mkipendana, mkae raha nyumbani,
Waridi lenye kufana, limechanua bustani,
Mola tunaomba sana, awalinde maishani.

Mwalimu wa sekondari angeupa alama zote. Ni tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, yaani silabi, nane kwenye ukwapi, ile nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Asubuhi niliusoma tena nikinywa chai na nikaona kwamba ungeweza kusomwa kwenye harusi yoyote, mjini au kijijini, mwaka huu au miaka arobaini iliyopita, na pasiwe na mtu wa kuukumbuka wageni wakifika kwenye maegesho.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye vina, na halikuwa lile nililolitarajia. Shuleni tunafundishwa kwamba kina ni silabi ya mwisho. Kwa kanuni hiyo, *pendana*, *jina* na *kuona* vina kina kimoja, "na". Kwenye karatasi ni kweli. Lakini Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: pe-NDA-na, JI-na, ku-O-na. Silabi inayobeba kina ndiyo ile inayotamkwa kwa sauti ya chini, wakati pumzi inaishia. Anayesikiliza kutoka meza ya mwisho hupokea zaidi ile iliyotangulia: nda, ji, o. Hizo hazifanani hata kidogo.

Nilijaribu jambo hili nyumbani. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, mimi nikasimama sebuleni, mlango wazi, nikamsomea mishororo minne inayoishia kwa *jina*, *kuona*, *pendana* na *kununa*. Nikamuuliza kama ina vina. Akasema, "Hiyo si ni hadithi?" Nikamsomea mingine minne inayoishia kwa *-ana* tupu. Kabla sijamaliza, alikuwa anaitikia kwa kichwa huku sufuria iko mkononi. Tangu siku hiyo, shairi la kusomwa hulitungia kina cha silabi moja na nusu: silabi ya mwisho kamili, pamoja na irabu iliyo mbele yake. Kanuni haidai hivyo. Sikio linadai.

Ukiuangalia ubeti wangu, ukwapi umepita mtihani huo: *mwaoana, mkipendana, kufana, sana*. Utao nao karibu upite: *moyoni* peke yake ndiyo iliyopotoka. Lakini utao una ugonjwa mwingine. *Moyoni, nyumbani, bustani, maishani*: karibu yote ni mahali. Isipokuwa *bustani*, kina hicho sikukitafuta mimi, nimepewa bure na sarufi, kwa sababu karibu jina lolote la kitu kwa Kiswahili likivishwa "-ni" linakuwa mahali na linakuwa kina. Vivyo hivyo vitenzi vya "-ana": *pendana, shikana, saidiana, vumiliana*. Harusi ni jambo la kutendana, basi mtunzi hujikuta anateleza tu. Ubaya wa kina cha bure ni kwamba msikilizaji naye anakipata bure. Akishasikia mawili, anajua la tatu litakuwa wapi, na huacha kusikiliza. Kipimo changu ni hiki: nikisoma mshororo nikakatiza kabla ya neno la mwisho, na mtu akaweza kulitaja neno hilo bila kufikiri, basi nalibadilisha.

Tatizo la pili ni waridi.

Mtu wa Nairobi akisikia *waridi*, haoni kichaka kilichochanua uani kwa bibi. Anaona ndoo za maua pale City Market, au kijana anayepita katikati ya magari kwenye foleni, ua limefungwa plastiki. Hilo waridi limekwisha kukatwa. Huenda limetoka Naivasha, ambako yanalimwa kwenye vibanda vya plastiki, hukatwa yakiwa bado vitumba, hupakiwa kwenye katoni na kusafirishwa kwa ndege. Ukiliweka kwenye maji, kufikia wiki ijayo liko kwenye pipa. Nilikuwa nimewatakia maharusi siku saba.

Hapo ndipo nilipojifunza kuisindikiza taswira mpaka mwisho wake kabla wageni hawajafika huko wao wenyewe. Mshumaa huangaza, lakini huyeyuka. Asali ni tamu, na mezani kwa wazee hapakosi mtu wa kukumbusha kuhusu nyuki. Harusi ilikuwa Oktoba, jakaranda zimevaa zambarau barabara nzima, na nilivutwa sana na mti ule. Lakini uzuri wa jakaranda jijini tunaukanyaga, kwa sababu nusu ya maua yako chini. Nikafikiria jiko, kwa kuwa Kenya tunasema mwanamume *amepata jiko*. Ni msemo mzuri kwa utani, ila bi harusi wetu ni fundi wa umeme na hapendi kuitwa kifaa cha kupikia. Hata ningeligeuza jiko likawa moto wanaoukoka wote wawili, mwisho wake ni majivu, na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha huua watu. Hii ni Nairobi. Kila mtu hemani alishasikia habari kama hiyo.

Nikaacha kutafuta taswira kwenye vitabu nikaenda kuwatembelea. Walikuwa wamekwisha kukodi nyumba Umoja, ghorofa ya nne, jengo halina lifti, maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki. Nilifika siku ambayo si ya maji. Nikawakuta ngazini, wameshika mtungi mmoja wa lita ishirini, kila mmoja upande wake wa mkono wa mtungi. Walipofika kila ghorofa waliutua, wakabadilishana pande ili mkono uliochoka upumzike, wakatazamana wakacheka, wakaendelea.

Nilipowaambia kwamba shairi nimeshalipata, hawakunielewa.

Mtungi uliushinda ua kwa kila kipimo. Kwanza, mwisho wake hauaibishi: unafika juu, maji yanatumika, kesho kutwa mnashuka tena. Ndoa ndivyo ilivyo, na hakuna mgeni atakayepata pa kuipinda. Pili, neno lenyewe lina nyumba mbili. Kwa vijana wa jijini mtungi ni ule wa plastiki wa manjano. Kwa nyanya wa bwana harusi, aliyetoka Pwani, mtungi ni chombo cha udongo cha kupoza maji. Kila mmoja angeona wake na wote wawili wangekuwa wanabeba maji.

Sikuanza na mshororo wa kwanza. Nilianza na kituo, ule mshororo wa mwisho wa ubeti, kwa sababu katika shairi la kusomwa kituo ndicho mali ya wageni. Nilitaka kibwagizo kinachorudi kila ubeti, kilichokatika katikati ili msomaji aseme ukwapi na hema zima lijibu utao. Tenzi zina uzuri wake, na kwa mambo ya ndoa zina heshima ya zamani; Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, kwa ule mwendo wa mizani nane nane unaotembea bila kuchoka. Lakini utendi unahitaji nafasi, na hauna mahali pa mgeni kuingilia. Dakika tano baada ya keki zinataka tarbia.

Jaribio la kwanza la kituo lilikuwa *mtungi wa watu wawili*. Gonga meza: m-tu-ngi-wa-wa-tu-wa-wi-li. Tisa. Lile "m" la mwanzo ni silabi kamili, na ndilo linalowaponza wengi, maana jicho huona *mtu* likadhani ni pigo moja. Nikapunguza: *mtungi ni wa wawili*. Nane. Kisha utao: *shikeni msiachane*. Nane pia, na *msiachane* inasema mambo mawili, kwamba msiuachie mtungi huku mmoja ameushika, na lile jingine ambalo kila mtu hemani angelielewa.

Sasa nilikuwa na vina vyangu, *-ili* na *-ane*, na ubeti ukajengwa kurudi juu:

Maji huja siku mbili, jamani tusifichane,
Ngazi zataka akili, hadi ghorofa ya nne,
Mkono mkibadili, ana kwa ana mwonane,
Mtungi ni wa wawili, shikeni msiachane.

Mshororo wa kwanza haukuja hivyo. Ulikuwa *maji yaja mara mbili, kwa wiki, tusifichane*. Mizani ni sawa kabisa, lakini usome kwa sauti uone. Sikio hutegemea kituo kidogo cha pumzi baada ya mizani ya nane, na hapo msomaji anatua baada ya *mara mbili*, kisha anaokota *kwa wiki* peke yake kama kitu kilichoanguka mfukoni. Maana imevuka mpaka ambao pumzi haikuvuka. Macho husamehe jambo hilo, pengine hata hulipenda. Msikilizaji hupotea kwa nusu sekunde, na ukimpoteza mara tatu ndani ya ubeti mmoja ameshaanza kuangalia simu. Nilipoweka *jamani* pale, kila kipande kikasimama kwa miguu yake, na *jamani* ikanipa kicheko cha kwanza.

Utao wa mshororo wa tatu ulikuwa *jicho kwa jicho mwonane*. Nilikuwa naupenda mpaka mama, akiwa bado na vyombo vyake, akaniuliza kama nawatakia walipizane kisasi. Jicho kwa jicho, jino kwa jino. Ndiyo hasara ya kufasiri picha uliyo nayo kichwani bila kuuliza kama maneno hayo yana mwenyewe tayari. *Ana kwa ana* ina mizani mitano, sawa na *jicho kwa jicho*, na haina damu.

Mwenye macho makali ameshaona kasoro niliyoiacha. *Nne* haitimizi kanuni yangu mwenyewe. Ni n-ne, mizani miwili, na mkazo uko juu ya ile "n". Irabu ya "a" ninayoidai mbele ya "ne" haipo. Nilihangaika nayo siku mbili nikitafuta mbadala. Mwishowe niliiacha kwa sababu ghorofa ya nne ndiyo nyumba yao, na nilijua rafiki zao waliowahi kuzipanda ngazi hizo wangepiga kelele hapo, kina kiwepo kisiwepo. Ukiwa na neno la kweli na kina dhaifu, chagua neno la kweli, ila mara moja tu kwa shairi zima.

Msomaji alikuwa mjomba wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Nilimpelekea rasimu mapema, na nashukuru, kwani mdomo wa msomaji una mizani yake. Ule ubeti wa kwanza wa waridi ndio niliomsomesha kwanza, kwa majaribio, na *bustani* niliyoihesabu silabi tatu yeye akaisema *busitani*, nne, mshororo mzima ukayumba. Konsonanti mbili zikikutana kwenye neno la kukopa, usihesabu kwa kalamu. Mpe atakayesoma uhesabu kinywani mwake.

Kwa mjomba pia l na r hubadilishana, kama ilivyo kwa wengi wetu tulioanza na Kikikuyu. Binamu alipatwa na wasiwasi: vina vyote vya kati ni "-li"! Mimi sikuwa na wasiwasi. Ikigeuka, itageuka yote kwa pamoja, *mbiri, akiri, wawiri*, na kina kitabaki kina. Hatari ingekuwa kuchanganya, tuseme *wawili* na *habari* ndani ya ubeti mmoja, maana hapo hakuna ajuaye nini kitatoka.

Majina ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote. Bi harusi hakuwa na shida, jina lake linaishia kwa irabu. Jina la kati la bwana harusi linaishia kwa konsonanti, jambo la kawaida hapa kwetu. Tuseme anaitwa Kiprop. Kwa hesabu ya shuleni ungeweza kuandika *Kiprop njoo karibu*, ukakata Ki-pro-p, ukajipatia nane zako. Lakini hakuna anayelisema jina hilo kwa mapigo matatu. Kinywani ni mawili, mshororo una saba, na hema zima litahisi kwamba kuna jino limeng'oka. *Kiprop sogea karibu* inatoa nane za kweli. Na jina la namna hiyo huliweki kwenye kina. Unaliweka mwanzoni mwa ukwapi, mahali ambapo wenyewe watashangilia na kelele zao hazitafunika chochote cha maana.

Beti zilikuwa sita. Vina vya mishororo mitatu ya kwanza nilivibadilisha kila ubeti, nikakiacha kibwagizo kile kile. Kuna wanaoona heri vina visibadilike shairi zima, na kwenye kitabu ni ufundi wa kupigiwa makofi. Hemani beti sita za *-ili* na *-ane* huzaa usingizi. Zikibadilika, kibwagizo kinaporudi sikio husikia limefika nyumbani. Mjomba alipolisoma kwa mwendo wa kughani, pamoja na pumzi za kusubiri jibu, simu yangu ilihesabu sekunde ishirini na tano kwa ubeti, dakika mbili na nusu kwa jumla. Tulimwambia MC dakika tano zake zinatosha, asikate.

Siku yenyewe, ubeti wa kwanza haukujibiwa na mtu isipokuwa mimi na mama. Ubeti wa pili mjomba alinyamaza baada ya *mtungi ni wa wawili*, akaweka mkono sikioni, na meza za mbele zikajibu. Wa tatu, hema karibu lote. Nyanya wa bwana harusi alikuwa akijibu kwa sauti nyembamba ya juu, nusu ubeti nyuma ya wengine, macho yamefumba.

Kwenye ubeti wa tano nikasikia kitu kingine kutoka nyuma, kwenye meza ya vijana waliosoma na bwana harusi. Walikuwa wamebadilisha jibu. Mjomba akasema *mtungi ni wa wawili*, nao wakarudisha, wakigonga meza: *shikeni msimwagane!*

Nilihesabu kwa vidole chini ya kitambaa cha meza. Shi-ke-ni-m-si-mwa-ga-ne. Nane. Kina ni *-ane*, kamili na irabu yake. Maji humwagika, na jijini hapa wapenzi wakiachana tunasema wamemwagana. Wiki kadhaa nimekaa na mtungi ule na neno hilo halikunijia. Ubeti wa sita mjomba naye akalisikia, akacheka kwenye kipaza sauti, na hema lote likamaliza kwa maneno yao. Kwenye daftari langu mstari wa zamani sasa umepigwa kalamu.